Kibodi ya Windows kwenye Mac: vitufe gani vinapiga picha ya skrini, na upangaji upi unakufaa

Kompyuta ya Mac mini huuzwa bila kibodi, bila kipanya na bila skrini. Kwa hiyo mtu anayeinunua mara nyingi huchukua kibodi ileile aliyokuwa akiitumia kwenye kompyuta yake ya zamani ya Windows, akaichomeka na kuendelea na kazi. Herufi zote zinaandika na tarakimu zote zinakubali, naye haoni kasoro yoyote mpaka siku anapotaka kupiga picha ya skrini. Hapo anabonyeza Print Screen, kitufe alichokizoea kwa miaka, na kompyuta inakaa kimya.

Mwenzangu wa ofisini alifika hapo wiki ya kwanza tu baada ya kupewa Mac mini. Alitaka kumtumia mhasibu sehemu ya jedwali kupitia WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kivinjari. Alibonyeza Print Screen, akafungua mazungumzo, akabonyeza Ctrl+V, na hakuna kilichotokea. Alihitimisha kwamba kibodi ile haielewani na Mac. Kumbe alikuwa amekutana na matatizo mawili yasiyohusiana, moja la kitufe cha kupigia picha na jingine la kitufe cha kubandikia, na yote mawili yana tiba.

Kuhusu la kwanza, Mac haina kitufe kinachoitwa Print Screen. Inapopokea kitufe hicho kutoka kibodi ya Windows hukitambua kuwa ni F13, kitufe ambacho kibodi kubwa za Apple huwa nacho mahali hapohapo, kuliani mwa F12. Majirani zake wawili nao hupewa majina kwa utaratibu huohuo: Scroll Lock huwa F14 na Pause huwa F15. Kwa kawaida F13 haina kazi yoyote iliyopangiwa, ndiyo maana ukiibonyeza huoni kitu. F14 na F15 zina kazi, nayo ni kupunguza na kuongeza mwanga wa skrini. Mwenye MacBook aliyechomeka kibodi ya nje, kidole kikiteleza kutoka Print Screen hadi Scroll Lock, ataona skrini ya kompyuta yake inafifia na pengine atadhani inaharibika. Mwenye Mac mini iliyounganishwa na skrini ya kawaida kwa kawaida haoni badiliko lolote, kwa sababu skrini nyingi zisizo za Apple hazipokei amri hiyo ya mwanga kutoka kwenye kibodi.

Kuhusu la pili, kitufe kinachotawala njia za mkato kwenye Mac ni Command, na kwenye kibodi ya Windows kazi ya Command hufanywa na kitufe chenye nembo ya Windows. Alt huwa Option, na Ctrl hubaki kuwa Control, jina likiwa lilelile lakini kazi ikiwa tofauti. Kunakili ni Windows+C na kubandika ni Windows+V. Mwenzangu hata angefaulu kupiga picha, bado asingeweza kuibandika kwa Ctrl+V.

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha kwamba kibodi yako imo katika hali hiyo ya kawaida. Jaribio ni jepesi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi. Kisanduku cha kutafutia cha Spotlight kikifunguka, basi kitufe cha Windows ndicho Command. Kisipofunguka, jaribu Alt na kitufe cha nafasi. Kikifunguka kwa Alt, kuna mtu au swichi iliyokwisha kubadilishana vitufe hivyo viwili, na kila mahali nitakapoandika Windows wewe utabonyeza Alt.

Sasa tuweke vitufe hivyo ubavu kwa ubavu. Katika jedwali hili safu ya katikati ni vile ulivyozoea kwenye Windows, na safu ya kulia ni vitufe vya kibodi hiyohiyo ikiwa imechomekwa kwenye Mac ambayo haijaguswa mipangilio yake.

| Unachotaka | Kibodi ikiwa kwenye Windows | Kibodi hiyohiyo ikiwa kwenye Mac |
|---|---|---|
| Skrini nzima iende kwenye ubao wa kunakili | Print Screen | Ctrl+Windows+Shift+3 |
| Skrini nzima iwe faili | Windows+Print Screen | Windows+Shift+3 |
| Sehemu ya skrini iende kwenye ubao wa kunakili | Windows+Shift+S | Ctrl+Windows+Shift+4 |
| Sehemu ya skrini iwe faili | Windows+Shift+S, kisha kuhifadhi | Windows+Shift+4 |
| Dirisha moja liende kwenye ubao wa kunakili | Alt+Print Screen | Ctrl+Windows+Shift+4, kisha kitufe cha nafasi, kisha kubofya dirisha |
| Kidirisha chenye chaguo zote | Snipping Tool | Windows+Shift+5 |

Kwenye baadhi ya kompyuta za Windows 11 safu ya katikati inaweza kutofautiana kidogo, kwani tangu masasisho ya mwaka 2023 Print Screen peke yake inaweza kuwa imepangwa kufungua Snipping Tool badala ya kunakili skrini nzima. Hilo halibadilishi chochote upande wa Mac.

Ukilitazama jedwali kwa makini utaona kwamba mifumo hii miwili imetofautiana zaidi ya majina ya vitufe. Windows inakuuliza kwanza unapiga picha ya nini, na kwa desturi ya zamani picha yote inakwenda kwenye ubao wa kunakili. Mac inafanya kinyume: kwa kawaida picha inakuwa faili ya aina ya PNG kwenye eneokazi, na inakwenda kwenye ubao wa kunakili pale tu unapoongeza Ctrl. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutafuta kitufe kinacholingana na Print Screen ni wapi unataka picha iende. Anayeuliza tu "Print Screen ya Mac ni ipi?" mara nyingi hujibiwa Windows+Shift+3, kisha anakwenda kubandika na kukuta ubao wa kunakili una maneno aliyonakili asubuhi. Jibu lilikuwa sahihi kwa aliyetaka faili, na yeye hakutaka faili.

Tofauti nyingine iko kwa wenye skrini mbili. Print Screen ya Windows huzichukua skrini zote mbili kama picha moja pana. Windows+Shift+3 kwenye Mac hutoa faili moja kwa kila skrini, kwa hiyo usishangae kuona faili mbili zenye saa ileile kwenye eneokazi.

Baada ya jedwali, kuna njia tatu za kuishi na kibodi hiyo, na hapa ndipo uchaguzi ulipo.

Njia ya kwanza ni kutogusa chochote na kujifunza safu ya kulia ya jedwali. Faida yake kubwa haionekani siku ya kwanza. Mac yoyote utakayoikuta, iwe ya mwenzako, ya maktaba au ya duka la kuchapisha, itakubali vitufe hivyohivyo, mradi hakuna aliyeibadilisha. Ukiwa na MacBook, vitufe unavyovijua kwa kibodi ya nje ndivyo vya kibodi ya ndani pia, ila jina Command linachukua nafasi ya Windows. Ugumu wake uko kwenye vidole. Kwenye kibodi ya Apple, Command imekaa ubavuni mwa kitufe cha nafasi, na kidole gumba kinaifikia bila taabu. Kwenye kibodi ya Windows kitufe hicho kimekaa kati ya Ctrl na Alt, kwa hiyo gumba linapaswa kuvuka Alt. Windows+Shift+4 inawezekana kwa mkono mmoja, lakini Ctrl+Windows+Shift+4 ni kufinyanga vidole. Mimi huishika Ctrl na Shift kwa kidole cha mwisho na cha pete, Windows kwa gumba, na tarakimu kwa mkono wa kulia. Wenye mikono midogo wataona ugumu zaidi, na mkono wa kulia bado utalazimika kurudi kwenye kipanya.

Katika njia hii kuna kosa moja ambalo limewasumbua wengi ninaowajua, hasa wahasibu waliozoea tarakimu za kulia mwa kibodi. Tarakimu 3, 4 na 5 zinazotakiwa ni zile za mstari wa juu ya herufi. Zile za pembeni, zilizo pamoja na alama za kujumlisha na kutoa, kwa Mac ni vitufe vingine kabisa, na ukizibonyeza pamoja na Windows na Shift hazipigi picha. Kwa wanaotumia kibodi za Kifaransa, kama ilivyo kawaida Kongo na Burundi, tarakimu za mstari wa juu huandikwa kwa kushika Shift. Hata hivyo kitufe ni kilekile, kwa kuwa Shift tayari imo ndani ya mchanganyiko.

Njia ya pili ni kubadilishana Alt na Windows ili Command irudi ubavuni mwa kitufe cha nafasi. Fungua System Settings, ingia Keyboard, bofya Keyboard Shortcuts…, kisha chini ya orodha ya kushoto chagua Modifier Keys. Juu ya kidirisha kuna menyu ya kuchagua kibodi. Hapo chagua kibodi ya nje kwa jina lake, la sivyo utaibadilisha kibodi ya MacBook na kuiacha ile uliyokusudia. Mstari wa Option uupe Command, na mstari wa Command uupe Option. Mac huyakumbuka mabadiliko hayo kwa kibodi ile tu, na ukiichomoa na kuirudisha kesho utayakuta.

Kuanzia hapo picha ya sehemu ya skrini ni Alt+Shift+4, kunakili ni Alt+C, na kubandika ni Alt+V. Vidole vinafuata mahali palepale pa kibodi ya Apple, jambo linalomfaa sana mtu anayetumia MacBook njiani na kibodi ya nje akiwa ofisini, kwa sababu mkono hauhitaji kukumbuka uko kwenye kibodi ipi. Gharama yake ni kwamba maandishi ya vitufe yanadanganya. Anayeandika kwa kutazama kibodi ataona Alt na kufikiri Option, na mgeni akikaa kwenye meza yako hataelewa kwa nini kitufe cha Windows hakifanyi alichoambiwa.

Tahadhari iliyo muhimu zaidi katika njia hii ni ya kubadilisha mara mbili. Kibodi kadhaa za siku hizi zinajua kujibadilisha zenyewe. Za Keychron nyingi zina swichi ndogo ya kuchagua kati ya Mac na Windows, na Logitech K380 hubadilishwa kwa kushikilia Fn+O kwa sekunde chache ili iwe ya Mac, au Fn+P ili iwe ya Windows. Kibodi ikiwa tayari imejibadilisha, nawe ukabadilisha tena kwenye Modifier Keys, mabadiliko mawili yanafutana na unarudi ulikoanzia, huku ukiapa kwamba umefuata maelekezo yote. Jaribio la kitufe cha nafasi nililolitaja juu litakuambia mara moja. Likikuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika baada ya wewe kubadilisha, tafuta swichi kwenye kibodi kabla ya kurudi kwenye mipangilio.

Wapo pia wanaobadilishana Ctrl na Command, ili Ctrl+C na Ctrl+V zifanye kazi kama zamani. Kwa anayekesha akinakili na kubandika, hilo ni jambo la kueleweka, na picha ya sehemu ya skrini inakuwa Ctrl+Shift+4. La kuchekesha ni kwamba mchanganyiko mrefu wa kupeleka picha kwenye ubao wa kunakili haubadiliki hata kidogo, kwa kuwa unatumia vitufe vyote viwili kwa pamoja, na vikibadilishana nafasi bado vyote vimo. Hasara yake ni kwamba kuhama kutoka programu moja hadi nyingine kunakuwa Ctrl+Tab, na kuhama kati ya vichupo vya kivinjari kunakuwa Windows+Tab, jambo litakalokuchanganya kila siku kwa ajili ya kitu unachokifanya mara kadhaa kwa siku. Kwa kazi ya kupiga picha peke yake sishauri.

Njia ya tatu ndiyo ambayo watu wengi wanaitaka bila kujua kwamba ipo, nayo ni kuipa Print Screen kazi. Kwa kuwa Mac inaipokea kama F13, na F13 haina kazi, unaweza kuipangia chochote. Fungua tena Keyboard Shortcuts…, safari hii chagua Screenshots kwenye orodha ya kushoto. Utaona mistari mitano ya kupiga picha na kurekodi, kila mmoja ukiwa na mchanganyiko wake upande wa kulia:

```
Save picture of screen as a file
Copy picture of screen to the clipboard
Save picture of selected area as a file
Copy picture of selected area to the clipboard
Screenshot and recording options
```

Bofya mara mbili mchanganyiko ulio kuliani mwa mstari unaoutaka, kisha ubonyeze Print Screen. Mchanganyiko wa zamani utaondoka na F13 itaonekana mahali pake. Kama hakuna kinachoonekana, kosa halipo kwenye Mac. Kibodi yenyewe haijatuma kitufe hicho, na mara nyingi ni kwa sababu ni kibodi fupi ambayo Print Screen yake imeandikwa kwa rangi nyingine juu ya kitufe kingine na inahitaji kushikiwa Fn. Kwa hiyo kidirisha hiki ni mahali pa kupanga na pia kipimo cha kujua kitufe kinafika au hakifiki.

Unaweza pia kuongeza vitufe vingine juu ya F13. Ukiupa mstari wa pili Print Screen peke yake, na mstari wa kwanza Windows+Print Screen, umepata karibu kila kitu ulichokuwa nacho kwenye Windows: kitufe kimoja kinanakili skrini nzima, na kitufe hicho pamoja na Windows kinaihifadhi kuwa faili. Kitu kimoja tu hakina mlingano kamili, nacho ni Alt+Print Screen, ile picha ya dirisha linalotumika kwa wakati huo. Katika mistari ile mitano hakuna unaohusu dirisha peke yake. La karibu ni kuupa mstari wa nne Alt+Print Screen. Ukibonyeza, kielekezi kinakuwa msalaba. Ukibonyeza kitufe cha nafasi, msalaba unakuwa kamera ndogo na dirisha lililo chini yake linabadilika rangi. Ukibofya, picha imekwisha chukuliwa. Ni hatua mbili zaidi ya Windows, lakini una uhuru wa kuchagua dirisha lolote linaloonekana, hata lisilotumika. Na ukishikilia Alt wakati wa kubofya, picha inatoka bila kile kivuli kipana ambacho Mac hukiweka kuzunguka dirisha. Katika nyaraka za kuchapishwa kivuli hicho hula nafasi bure.

Njia hii ina mtego, na mtego wenyewe ndio ninaoutumia kuamua nani nimshauri aifuate. Kila mstari unabeba mchanganyiko mmoja tu. Ukiupa mstari wa kwanza Windows+Print Screen, basi Command+Shift+3 haifanyi kazi tena. Kwenye Mac mini, ambayo haiondoki mezani wala haina kibodi nyingine, hilo si neno. Kwenye MacBook ni jambo zito: ukiichomoa kibodi ya nje na kwenda mkutanoni, kibodi ya ndani haina F13, na Command+Shift+3 uliyokwisha kuiondoa haikusikii. Utakuwa na kompyuta isiyo na njia ya mkato ya kupiga picha ya skrini nzima, na utaligundua hilo mbele za watu.

Kwa wenye MacBook nashauri kugawa mistari hiyo. Mistari ya faili, wa kwanza na wa tatu, iache na michanganyiko yake ya asili, na pia ule wa tano. Ile ya ubao wa kunakili, wa pili na wa nne, ipe Print Screen: mmoja Print Screen peke yake na mwingine Alt+Print Screen. Michanganyiko unayoipoteza ni ile ya vitufe vinne ambayo watu wachache sana huikumbuka, na ile rahisi inabaki kwenye kibodi zote mbili. Ukiwa njiani na ukahitaji ubao wa kunakili, bonyeza Command+Shift+5, ingia Options kwenye mwambaa unaotokea chini ya skrini, na uchague Clipboard kuwa mahali pa kuhifadhi. Kumbuka tu kuirudisha Desktop baadaye, maana chaguo hilo linakaa hata baada ya kufunga.

Kwa mwenye Mac mini mezani, badilisha kwa uhuru. Na kama kompyuta hiyo inatumiwa na watu zaidi ya mmoja kwa akaunti moja, rudi njia ya kwanza usibadilishe kitu, kwa sababu anayekuja zamu ya jioni atabonyeza alichofundishwa na kukikosa. Ukikuta mtu amevuruga, kwenye kidirisha kilekile cha Screenshots kuna kitufe cha Restore Defaults kinachorudisha yote.

Nimeona watu wakisakinisha programu za kubadilisha vitufe, kama Karabiner-Elements, kwa ajili ya Print Screen peke yake. Programu hiyo ni nzuri na ina uwezo mkubwa, lakini inataka ruhusa nyingi za mfumo, na kwa kitufe ambacho Mac tayari inakitambua kama F13 ni kuchukua shoka kukata ukucha. Ina nafasi yake pale unapotaka F13 na Command+Shift+3 zifanye kazi ileile kwa wakati mmoja, jambo ambalo mipangilio ya Mac hairuhusu.

Sasa turudi kwa mwenzangu na jedwali lake, kwa sababu njia aliyoichagua ilitokana na kazi yake. Kibodi yake ni ya waya, ya ukubwa kamili, yenye plagi ya USB ya zamani. Mac mini yake ni ya mwaka 2024, ambayo matundu yake ya USB yote ni ya USB-C, kwa hiyo kibodi inapita kwenye kiunganishi kidogo. Hilo halina athari yoyote kwa vitufe. Picha zake nyingi zinakwenda kwenye WhatsApp na barua pepe, yaani zinabandikwa mara moja na hazihitajiki tena. Faili alizihitaji mara chache, alipokuwa akiandika mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wafanyakazi wapya.

Tulifungua Screenshots, tukaupa mstari wa nne, ule wa sehemu ya skrini kwenda kwenye ubao wa kunakili, kitufe cha Print Screen peke yake. Tuliuchagua huo badala ya skrini nzima kwa sababu mhasibu hahitaji kuona madirisha yake mengine wala saa iliyo kwenye pembe ya skrini. Kuanzia hapo kazi yake ni kubonyeza Print Screen, kuburuta msalaba kuzunguka safu anazozitaka, kuachia kipanya, kuhamia kwenye mazungumzo na kubonyeza Windows+V. Mara ya kwanza aliburuta vibaya akakata kichwa cha jedwali. Nilimwonyesha kwamba kabla ya kuachia kipanya unaweza kushikilia kitufe cha nafasi na kulisogeza fremu zima bila kubadilisha ukubwa wake, na kwamba Esc inaghairi yote.

Kwa ule mwongozo, aliacha Windows+Shift+4 kama ilivyokuwa. Hapo alikutana na jambo lililompa wasiwasi kwa dakika chache: alipiga picha, akatazama eneokazi, na faili haikuwapo. Ilikuwa bado kwenye kijipicha kinachojitokeza pembe ya chini kulia ya skrini. Kijipicha hicho hukaa kwa sekunde kadhaa kikingoja kama utataka kukihariri, na faili huandikwa kwenye eneokazi kinapoondoka. Asiyejua hupiga picha ya pili na ya tatu, kisha anakuta faili tatu zinazofanana. Ukitaka faili itokee papo hapo, bonyeza Windows+Shift+5, fungua Options, na uondoe alama kwenye Show Floating Thumbnail.

Jambo la mwisho lililomkwamisha lilikuwa picha ya menyu iliyofunguka. Kwenye baadhi ya programu, kubonyeza vitufe vya kupiga picha huku menyu ikiwa wazi huifunga kabla picha haijachukuliwa, na hilo halitibiwi na kitufe chochote, kiwe cha Windows au cha Apple. Alitumia Windows+Shift+5, akachagua skrini nzima, akaweka kipima muda cha sekunde 5 ndani ya Options, akabofya Capture, kisha akaifungua menyu na kuondoa mikono kwenye kibodi. Picha ilitoka na menyu ikiwa wazi, na kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza kingo.